Barua ya wazi kwa Afisa Mazingira wa Jiji la Tanga: kona ya pakiti ya maziwa iwekwe ndoo gani?

Ndugu Afisa,

Salaam, na pole na kazi. Nakuandikia kutoka Chumbageni, ambako nyumba 11 za mtaa wetu tuna mwaka wa pili sasa tunatenganisha taka. Kila nyumba ina ndoo tatu: ya mboji, ya vitu vya kuuza, na ya taka za dampo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka halmashauri iweke utaratibu wa kutenganisha taka pale pale zinapozalishwa. Utaratibu huo utakapoandikwa kwa ajili ya mitaa yetu, naomba vitu vya shaka vipewe nafasi yake. Ganda la ndizi halimtatizi mtu, wala chupa tupu ya maji. Tunaogombana navyo ni vile ambavyo kila mmoja ana hoja yake, na mwisho vinaingia ndoo yoyote iliyo karibu.

Nianze na kilichotuumiza. Tulipochekecha mboji yetu ya kwanza, udongo ulitoka mweusi, wa kunukia kama msitu baada ya mvua. Ila ndani yake kulikuwa na vipande vidogo vyeupe vya pembe tatu, vingi, kila mahali. Nilidhani ni maganda ya mayai. Nikaokota kimoja nikakivuta, kikanyooka bila kukatika. Zilikuwa kona za pakiti za maziwa. Mtu anakata kona kwa mkasi, inaangukia mezani penye maganda ya vitunguu, kisha vyote vinakusanywa kwa kiganja na kutiwa ndoo ya mboji. Kipande chenyewe hakifiki ukubwa wa ukucha, kwa hiyo kinapita kwenye chekeche pamoja na mboji. Jirani yetu anayelima mchicha alichota konzi moja, akaitazama, akairudisha kwenye gunia. Alisema, "Dada, mboji itaisha, hivi vitabaki shambani kwangu." Magunia manne yakakosa wa kuyachukua.

Angalia kwamba kila mtu alijua plastiki haiingii kwenye mboji. Kanuni tulikuwa nayo, ila haikumfaa aliyeshika mkasi. Iliyotusaidia ni nyingine, fupi zaidi: kata pakiti bila kuitenga kona, ibaki inaning'inia. Tangu hapo nimekuta vipande vichache sana.

Na pakiti yenyewe je? Kijana mmoja hapa mtaani aling'ang'ania kwamba ni plastiki, basi iende na chupa. Tukamuuliza mnunuzi wetu wa chupa na madumu, akasema haichukui: ni nyepesi mno, ina maziwa ndani, na ikikaa siku moja kwenye joto hili inanuka na kuchafua mzigo mzima. Tangu siku hiyo tunaiweka kwenye taka. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kitu hakipangiwi ndoo kwa kuangalia kimetengenezwa na nini. Kinapangiwa kwa kumuuliza anayekipokea mwisho wa safari. Mnunuzi akibadilika, au akija mwingine anayetaka pakiti, kanuni nayo ibadilike.

Sasa nazi, maana Tanga huwezi kuzungumza taka za jikoni ukaiacha nazi. Kipeperushi kikiandika "mabaki ya nazi" kitakuwa kimetuacha gizani, kwa sababu nazi moja ina majibu matatu. Machicha yanaingia kwenye mboji, lakini yana mafuta na yanashikana. Ukiyamwaga bonge moja, hewa haipiti, siku ya pili yanachacha na panya wanakuja. Sisi tunayatawanya na kuyafunika kwa majani makavu, ndoo mbili za majani kwa ndoo moja ya machicha. Harufu ya yai viza ikitoka, ujue lundo limekosa hewa: geuza, ongeza makavu.

Kumbi nalo linaoza, ila polepole mno. Likiingia zima kwenye lundo la miezi mitatu linatoka karibu kama lilivyoingia, kwa hiyo tunalichambua na kulitandaza chini ya migomba, linatunza unyevu. Kifuu hakiingii kwenye mboji kabisa. Ni kigumu, kinakaa miaka. Tena ukikiacha uani kikiwa kimeangalia juu, mvua inakijaza na mbu wanazaliana humo. Mwaka 2019 homa ya dengi ilifika hapa Tanga, na mbu wake anapenda vyombo vidogo kama hivyo vyenye maji. Kifuu tunakianika kwa kukifudikiza, kisha kinakwenda jikoni kuwa kuni. Kwa hiyo hakistahili ndoo yoyote kati ya zile tatu, na kanuni iseme hivyo waziwazi.

Vichwa na matumbo ya samaki vilitugawa kweli. Vinaoza vizuri na vinarutubisha, lakini paka na nzi hawangoji. Tulikubaliana kwamba vinaruhusiwa pale tu lundo linapokuwa na kimo na upana wa mita moja hivi, na lina joto kiasi cha mtu kushindwa kuacha mkono ndani. Vinafukiwa katikati, si juu. Nyumba yenye lundo dogo au pipa la wazi ivitie kwenye taka, imefunga vizuri. Hili halina jibu moja kwa mji mzima, na sioni ubaya kuandika hivyo.

Karatasi ya chipsi iliyolowa mafuta mnunuzi wa maboksi haitaki, kwa sababu mafuta hayatoki kwenye karatasi inaposagwa upya. Kama ni karatasi tupu, ichanwe iingie kwenye mboji. Lakini baadhi ya karatasi na vikombe vina ngozi ya plastiki upande mmoja, na kwa macho huioni. Tunaloweka kipande kwenye maji usiku kucha. Asubuhi karatasi inasuguliwa kwa vidole. Ukibaki utando mwembamba unaong'aa, aina ile tunaiweka kwenye taka daima.

Kilichobaki na shaka baada ya yote hayo kiende kwenye ndoo ya taka. Najua hili litawaudhi wanaotaka dampo lipokee kidogo, hata mimi lilinikera mwanzoni. Lakini ganda la chungwa likipotelea dampo tumepoteza ganda moja tu. Kona za pakiti zilipoingia kwenye mboji tulipoteza magunia manne.

Kwa hiyo, Ndugu Afisa, naomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuandika kanuni, waiteni wanunuzi wa chupa, maboksi na vyuma chakavu pamoja na wanaotumia mboji, muwaulize kitu kwa kitu wanachopokea na wanachokataa. Pili, orodha ya vitu vya shaka iandikwe kwa majina ya jikoni kwetu: machicha, kifuu, kumbi, karatasi ya chipsi, pakiti ya maziwa. Kila kitu kiwe na ndoo yake na sababu ya mstari mmoja, maana mtu akijua sababu anaweza kuamua mwenyewe siku atakapokutana na kitu kisichoandikwa. Tatu, awepo mtu mmoja katika kila kata wa kupelekewa swali, na majibu yake yaongezwe kwenye orodha kila baada ya miezi sita.

Kona zile nimezihifadhi kwenye chupa ya jamu, imejaa hadi kwenye shingo. Tunachekecha tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuanzia saa mbili asubuhi. Karibu ukae nasi kwenye mkeka, uzione, na uniambie palipo na kosa katika kanuni zetu.

Wako katika ujenzi wa mji,
Mkazi wa Chumbageni, Tanga