Alama ya kazi isigeuzwe kimyakimya katikati ya kitabu

Mhariri,

Msomaji aliyelalamika katika toleo lililopita kwamba kitabu cha kemia cha binti yake kimekosea kanuni ya kwanza ya themodinamiki ana haki ya kukasirika, ila kosa haliko pale alipoliona. Kitabu cha fizikia kimeandika ΔU = Q − W, na cha kemia ΔU = Q + W, ambapo ΔU ni badiliko la nishati ya ndani ya mfumo, Q ni joto na W ni kazi. Milinganyo yote miwili ni sahihi, kwa sababu herufi W haina maana moja katika vitabu hivyo. Katika cha kwanza ni kazi ambayo mfumo umeyafanyia mazingira yake. Katika cha pili ni kazi ambayo mazingira yameufanyia mfumo. Kiasi ni kilekile, ila kimehesabiwa kutoka upande mwingine, ndiyo maana alama inageuka. Kuhusu joto hawana ugomvi: kwa wote wawili Q ni chanya joto likiingia kwenye mfumo, na hasi likitoka.

Tofauti hii ina historia. Rudolf Clausius alipoiandika kanuni hiyo mwaka 1850, swali lililokuwa mbele yake lilitokana na injini ya mvuke: joto likiingia, kazi kiasi gani itatoka? Mwenye injini analipia joto na anavuna kazi, kwa hiyo ilikuwa kawaida kuviita vyote viwili chanya. Wahandisi na wanafizikia wengi wameendelea hivyo. Mwanakemia hana injini. Ana chombo chenye vitu vinavyobadilika, na anachotaka kujua ni nishati ya vitu hivyo imeongezeka au imepungua. Kwake ni rahisi zaidi kila kinachoingia kiwe chanya na kila kinachotoka kiwe hasi, kiwe joto au kazi. Huo ndio utaratibu ambao IUPAC, chombo cha kimataifa cha wanakemia, inaupendekeza, na siku hizi vitabu vingi vya fizikia pia vimeufuata.

Nitoe mfano wenye tarakimu. Kilo moja ya maji inachemka yote na kuwa mvuke kwa nyuzi 100 za selsiasi, chini ya kanieneo ya kawaida ya angahewa, yaani kilopaskali 101.3. Joto linaloingia ni kilojouli 2257 hivi. Maji yaliyokuwa yakichukua lita moja na kidogo sasa ni mvuke wa takriban lita 1673, na ili kupata nafasi hiyo yote mvuke umelazimika kuisukuma angahewa. Zidisha kanieneo kwa ongezeko la ujazo, mita za ujazo 1.672, utapata kazi ya kilojouli 169. Mwanafizikia anaandika W = +169, anatoa, anapata ΔU = 2088. Mwanakemia anaandika W = −169, anajumlisha, anapata 2088 vilevile.

Sasa mwanafunzi achukue mlinganyo wa kemia na kuuwekea W ya fizikia. Atapata 2426, na hakuna kitu ndani ya hesabu yenyewe kitakachomshtua. Kinachomwokoa ni kuuliza swali la kawaida kabisa: mvuke umepokea kilojouli 2257, kisha ukatumia sehemu yake kusukuma angahewa, inawezekanaje ubaki na zaidi ya ulichopokea? Jibu likivuka joto lililoingia wakati mfumo umepanuka kwa kusukuma, alama zimechanganywa.

Kuna kipimo kingine ninachowapa wanafunzi wangu wanapofungua kitabu kigeni. Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli na usukume mpini kwa nguvu na kwa haraka. Joto halikupata muda wa kupita, kwa hiyo Q ni sifuri kasoro kidogo, na hewa iliyo ndani imepata moto. Nishati yake ya ndani imepanda. Mlinganyo wowote, pamoja na maelezo ya W yaliyoandikwa chini yake, lazima utoe ΔU chanya kwa tukio hili. Ukitoa hasi, basi mlinganyo na maelezo vimetoka katika taratibu mbili tofauti.

Lawama yangu kwa waandishi ni nzito zaidi ya ile ya msomaji wako. Simlaumu mwandishi kwa kuchagua utaratibu huu au ule. Namlaumu anayechagua mmoja, kisha akauacha bila kusema. Mara nyingi hutokea kwenye sura ya injini za joto. Sura iliyotangulia imefundisha ΔU = Q + W, kazi inayotoka ikiwa hasi. Sura inayofuata inatoa injini inayopokea jouli 1000 katika kila mzunguko, inatupa jouli 700, na inatoa kazi ya jouli 300; halafu inaandika kwamba ufanisi ni W gawanya kwa joto lililopokelewa, yaani asilimia 30. Lakini kwa utaratibu wa sura iliyotangulia W ya injini hiyo ni −300, na ufanisi ungekuwa hasi! Mwandishi ama amerudi kwa Clausius kimyakimya, ama ameweka alama ya thamani kamili bila kueleza kwa nini. Mwanafunzi makini, yule anayefuata kila hatua, ndiye anayekwama hapo, na anadhani tatizo ni lake.

Jambo hili linafika hadi kwenye usahihishaji. Niliwahi kukaa katika jopo la kusahihisha mtihani wenye swali hili: gesi inagandamizwa kwa kazi ya jouli 400 huku ikipoteza jouli 150 za joto, tafuta badiliko la nishati ya ndani. Jibu ni jouli 250, nishati ikiwa imeongezeka. Mwanafunzi mmoja aliandika W = −400, akaeleza kwa maneno kwamba hiyo ni kazi iliyofanywa na gesi, kisha akaandika −150 − (−400) = 250. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na W = +400 tu, na mstari wake ukapigwa mkasi. Nilipinga, sikusikilizwa, na mpaka leo naamini alinyang'anywa alama aliyostahili.

Ninachowaomba waandishi na watunzi wa mitihani si kukubaliana juu ya utaratibu mmoja. Hilo nimeacha kulitarajia. Naomba W isisimame peke yake. Iandikwe kwa maneno, "kazi iliyofanywa na gesi" au "kazi iliyofanyiwa gesi", kila swali linapoitaja, na gesi yenyewe itajwe kuwa ndiyo mfumo, maana anayeuhesabu mkono unaosukuma pistoni kuwa mfumo atageuza kila alama na bado awe sahihi. Mwandishi anayegeuza utaratibu kwenye sura ya injini aandike sentensi moja kusema amegeuza. Na msahihishaji akikuta W yenye alama tofauti na ya mwongozo wake, asome kwanza mwanafunzi ameiita kazi ya nani kabla ya kuinua kalamu nyekundu.

Mwalimu wa fizikia na kemia