Barua ya wazi kwa Waziri anayesimamia bandari: hesabu ya abiria itimie kabla ya kamba kufunguliwa

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaikum. Mimi ni karani mstaafu wa kaunta ya boti, mkaazi wa Pemba. Nakuandikia kuhusu jambo dogo linalotokea umeme ukikatika alfajiri, abiria wamo kwenye foleni na boti iko gatini.

Mwaka jana mama yangu mdogo alisafiri kwenda Unguja. Umeme ukakatika. Makarani wakawa wanamulika tiketi kwa tochi za simu na kuwaambia watu, "Piteni, piteni." Boti ikaondoka. Baadaye simu yake ikawa haipatikani, nikaenda kuuliza kama alipanda. Kompyuta zimezimwa, karatasi hakuna. Alifika salama, alhamdulillahi, lakini kwa saa tatu nzima hapakuwa na mtu wa kuniambia kama yumo baharini au hayumo. Na sisi wa Pemba tunaikumbuka tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikija kwetu, imepakia watu kupita idadi iliyoruhusiwa.

Umeme wa Pemba unavuka bahari kwa waya kutoka Tanga. Utakatika tena. Kaunta lakini haina haja ya kusimama.

Nikueleze tulivyofanya asubuhi moja. Boti yetu iliruhusiwa abiria 300. Mfumo tuliufunga usiuze zaidi ya 280. Nafasi 20 zilikuwa za kitabu cha tiketi za mkono, chenye namba zake na vishina vyake. Saa 12 kamili tukachapa orodha ya watu 241, na saa ya kuchapa ikaandikwa juu ya kila ukurasa. Saa 12 na dakika 20, giza.

Hapo ndipo zile nafasi 20 zinapookoa. Mawakala wa Wete na Chake Chake wana umeme wao, na wanaendelea kuuza bila sisi kuwaona. Hata wangemaliza zote 39 zilizobaki kwenye mfumo, na sisi tukauza zetu 20, jumla isingezidi 300. Tuliwapigia simu waache kuuza, wakatusomea namba na majina ya tiketi 7 walizouza baada ya orodha kuchapwa.

Orodha tuliipanga kwa namba ya tiketi. Ukiipanga kwa majina, meza ya herufi M itazidiwa na kina Mohamed, Maryam na Mbarouk, na Fatma Ali watakuwa wanne. Kila meza ikashika kurasa zake peke yake, ili mtu mmoja asitiwe alama mara mbili.

Betri ya akiba ya kaunta iliendesha kompyuta moja kwa robo saa hivi, ikatosha kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Ruta tuliipa betri yake ndogo ya volti 12, maana inakula umeme kidogo na hukaa kwa saa kadhaa. Printa ya leza isichomekwe kabisa kwenye betri ya akiba: inapopasha moto huvuta umeme mwingi, betri ikajizima na kompyuta ikaenda nayo. Ndiyo maana orodha huchapwa kabla.

Mlangoni tulikata vishina 263. Alama za orodha zilikuwa 238, kwani watatu hawakutokea. Tiketi za mkono 17. Za mawakala 7. Hiyo ni 262. Nahodha akasubiri. Tukapekua vishina na kukikuta kimoja cha jana, tarehe imebadilishwa kwa kalamu. Mwenyewe akatafutwa, jina likaandikwa. Watoto wachanga 9 hawakuwa na tiketi, basi aliyesimama ngazini aliwahesabu kwa vichwa. Nahodha akapewa karatasi ya watu 272, nakala ikabaki nchi kavu.

Umeme uliporudi, mmoja alisoma na mwenzake akaandika. Tiketi 17 za mkono ziliingizwa kwa saa zilipouzwa kweli. Zile 7 za mawakala zilikuwamo tayari kwenye mfumo. Hizo unatia alama ya kupanda tu. Ukiziuza upya, mfumo utasoma tiketi 272 badala ya 265, na karani ataonekana ana upungufu wa fedha ambazo hakuzipokea. Mara nyingi tofauti ya namna hiyo hutoka hapo, basi tazama hapo kwanza kabla hujamshuku mtu.

Mheshimiwa, ninaloomba ni moja: iwe sharti kwa kila boti kwamba hesabu ya vishina, alama na vichwa ilingane kabla ya kamba kufunguliwa, umeme uwepo usiwepo. Kuingiza kwenye mfumo kunaweza kusubiri hadi jioni. Daftari la asubuhi ile ninalo bado, na nitalileta mbele ya makarani wenzangu siku yoyote utakayoniita.

Wako,
Karani mstaafu wa kaunta ya boti, Pemba