Barua kwa Hamisi: ile chupa yako ya jimu

Kaka Hamisi,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Huku wote wazima, ila mvua imetunyeshea wiki nzima na njia ya nyumbani ni tope tupu.

Ile orodha ya ulichokula Jumanne nimeipata, na jana usiku nilikaa nayo na kalamu. Unasema umeacha kunyunyiza chumvi mezani tangu Ramadhani lakini mashine ya presha bado inakusomea 148 kwa 94. Nimeona kwa nini. Chumvi haikuwa mezani, bwana. Ilikuwa kwenye chupa yako ya jimu.

Umeandika: "Mazoezini, lita moja ya ORS." Ile pakiti imetengenezwa kwa mtu anayeharisha, aliyepoteza maji na chumvi kwa wingi. Ukiikoroga kwenye lita moja inavyoelekezwa, unapata sodiamu kama miligramu 1,725. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku nzima, yaani chumvi chini ya kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa. Ulikuwa unamaliza karibu mgao wote kabla ya kula chakula cha jioni.

Najua utaniambia unatoka jasho. Basi jipime kwenye mizani kabla na baada, ukiwa umejifuta. Mimi baada ya saa moja ya vyuma hupungua kama nusu kilo. Jasho la namna hiyo hutoka na sodiamu ya miligramu mia kadhaa tu, na mlo wa jioni huirudisha. Maji matupu yanatosha. Siku mkicheza mpira saa mbili juani ni habari nyingine, lakini wewe uko ndani chini ya feni.

Ukiondoa chupa, bado kuna slesi nne za mkate asubuhi, sodiamu karibu miligramu 600 kwa jumla. Usiku mkeo anaunga mchuzi kwa vile vidonge vya supu viwili. Kidonge kimoja, nusu yake hivi ni chumvi, na bado anaongeza chumvi ya kijiko kwa sababu ndivyo alivyozoea. Mwambie shemeji achague kimoja. Mimi ningeacha kidonge, nikaunga kwa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na nyanya iliyokaangwa mpaka ikaiva kweli, halafu chumvi kidogo mwishoni, ambapo ulimi unaionja zaidi.

Sasa potasiamu. Figo zikiona potasiamu ni chache, huing'ang'ania sodiamu, na sodiamu hubaki na maji, damu ikawa nyingi mishipani. Potasiamu ikitosha, figo huiachia sodiamu itoke kwenye mkojo. Kwa hiyo kupunguza chumvi peke yake ni nusu ya kazi. Asubuhi badilisha mkate kwa kiazi kitamu cha kuchemsha na ndizi mbivu. Hapo una potasiamu kama miligramu 900. Mchana endelea na maharage yako, yana potasiamu nzuri, kikombe kimoja kama miligramu 600, ila uliza yameungwa na nini. Usiku mchicha, lakini usiuchemshe ukamwaga maji, maana potasiamu huondoka na yale maji ya kijani. Upike kwa mvuke wake wenyewe.

Lile ulilouliza mwisho ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Unataka ile chumvi yangu ya kopo, yenye potasiamu kloraidi. Usiinunue. Mimi dawa yangu ya presha ni amlodipini, na figo zangu zilipimwa kabla. Wewe uko kwenye losatani, na dawa hiyo huzifanya figo zibakize potasiamu mwilini. Ukiongeza ya kopo au ya vidonge, inaweza kupanda mpaka ikavuruga mapigo ya moyo, na mara nyingi hakuna dalili ya kukuonya. Ukienda kliniki mwambie daktari unavyokula, na umwombe kipimo cha damu cha potasiamu na kreatinini. Kama figo ziko salama, potasiamu ya chakula kwa kawaida haina shida. Zikiwa zimedhoofu, hata hayo maharage na ndizi niliyoyaandika itabidi yapimwe upya, kwa hiyo menyu yangu isubiri majibu. Chupa ya ORS haina haja ya kusubiri, iache leo.

Halafu acha kupima presha ukitoka jimu. Baada ya mazoezi hushuka kwa saa kadhaa, ndiyo maana Jumamosi ilikupa 126 ukafurahi bure. Pima asubuhi kabla ya dawa na chai, baada ya kukaa kimya dakika tano, mkono ukiwa juu ya meza, mara mbili. Ukianza kusikia kizunguzungu ukisimama, mwambie daktari, dawa usiipunguze mwenyewe.

Majibu ya damu yakitoka nitumie picha, nikupangie Jumatano mpaka Jumapili. Msalimie shemeji, na mwambie ile ya vidonge vya supu sijaisema kwa ubaya.

Wako,
Salim