Umebakiza mwaka mmoja au miwili kupata pensheni ya Uingereza? Soma kabla ya kulipa

Swali tunaloletewa sana ofisini hapa Malindi, hata na jamaa wanaovuka kutoka Lamu, linatoka kwa watu waliowahi kufanya kazi Uingereza wakarudi nyumbani: je, nilipie miaka yangu inayokosekana ya Bima ya Taifa, yaani National Insurance, ile michango inayojenga pensheni? Jibu linategemea zaidi ya yote mahali uliposimama kuhusu namba moja, nayo ni 10.

Pensheni mpya ya serikali ya Uingereza, iliyoanza Aprili 2016, hulipwa kamili kwa aliyechanga miaka 35. Mwenye pungufu hupata sehemu yake, lakini aliye chini ya miaka 10 kwa kawaida hapati hata senti. Kwa hiyo mwenye miaka 8 hana sehemu ndogo ya pensheni. Hana kitu.

Mchukue mama aliyeingia Uingereza 2008, akasoma miaka minne huku akifanya kazi za saa chache, kisha akaajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee hadi aliporudi Malindi Septemba 2020. Rekodi yake inaonyesha miaka 8 kamili, na mwaka wa kodi 2020/21 ambao una upungufu wa wiki 30. Kwa viwango vya 2025/26, mchango wa hiari wa Daraja la 3 ni pauni 17.75 kwa wiki. Kuujazia mwaka ule wa nusu ni pauni 532.50, na kununua mwaka mmoja mzima baada yake ni pauni 923. Jumla ni pauni 1,455.50, naye amefika miaka 10. Sehemu ya 10 kwa 35 ya pensheni kamili ya pauni 230.25 ni takriban pauni 65.80 kila wiki. Pesa aliyotoa inarudi ndani ya wiki 23 hivi za kupokea pensheni.

Zingatia kwamba tulianza na mwaka ulio nusu. Watu wengi hukimbilia miaka mitupu, ilhali mwaka wenye wiki chache zilizopungua huhesabiwa sawa na mwingine wowote, kwa bei ndogo.

Sasa mweke kando yake bwana mwenye miaka 30 ya michango. Mwaka mmoja zaidi utamwongezea pauni 6.58 kwa wiki, hivyo atahitaji karibu wiki 140 kurudisha pauni 923. Bado si vibaya kwa mwenye afya njema, ila ajue jambo moja linalowaumiza wastaafu wanaoishi Kenya: pensheni ya Uingereza haipandishwi kila mwaka hapa. Kiwango utakachoanza nacho ndicho utakachobaki nacho, hata mkate na mafuta vikipanda vipi. Na ukifariki kabla ya kuanza kupokea, michango hairudishwi kwa watoto. Kwa aliye mgonjwa, au ambaye hata akinunua miaka yote inayoruhusiwa hafiki 10, ushauri wetu ni asilipe.

Muda nao unabana. Kwa kawaida unaruhusiwa kurudi nyuma miaka sita tu. Mwaka 2020/21 unafungwa tarehe 5 Aprili 2027. Kwa miaka ya kodi ya kuanzia 6 Aprili 2026, anayetaka kuchangia akiwa ng'ambo hana tena Daraja la 2 lililokuwa rahisi, na kwa Daraja la 3 anatakiwa awe aliishi Uingereza miaka 10 mfululizo au alichanga miaka 10. Zamani miaka mitatu ilitosha. Mama yetu anapita hata kwa sharti hilo jipya, kwa sababu aliishi kule miaka 12.

Usitume pesa kwanza. Anza kwa kuomba rekodi ya michango na makadirio ya pensheni, hasa kama uliajiriwa hospitali ya serikali kabla ya 2016, kwani huenda ulikuwa kwenye pensheni ya kazini iliyopunguza ile ya serikali, na hesabu yako haitafanana na hii. Kisha jaza fomu CF83 ya kuomba kuchangia ukiwa ng'ambo, na usubiri HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, wakujibu ni miaka gani unaruhusiwa na kwa bei gani. Watakupa namba ya marejeo yenye tarakimu 18. Namba hiyo isipoandikwa sawasawa benki, malipo hukaa bila kuingizwa kwenye rekodi yako. Mwambie karani achague OUR kwenye ada, yaani ada zote uzilipe wewe mtumaji, maana benki za njiani zikikata pauni kumi tu, mwaka unabaki na pengo.

Pesa hulipwa moja kwa moja kwa HMRC, kamwe si kupitia kwetu wala kwa wakala yeyote.

Ukija ofisini, beba namba yako ya Bima ya Taifa, pasipoti, na karatasi yoyote ya mshahara au P60 uliyobaki nayo. Kama majina yako matatu yamepangwa tofauti kwenye pasipoti na kwenye karatasi za kazi, tuambie mapema, kwa sababu tofauti hiyo husahihishwa kabla ya CF83 kutumwa.