Kwa nini hatukukuwekea dawa ya kutanua mboni siku ya kwanza

Kuna wateja wanaotoka kwenye duka letu la miwani hapa Tabora wakinung'unika. Wamekuja kupima macho, tumewaambia tutaweka dawa ya kutanua mboni ili tuone nyuma ya jicho, wamejiandaa, wengine wameshamruhusu bodaboda aondoke. Kisha tunawaangalia tena kidogo na kusema: dawa hiyo leo haiwekwi. Mtu anahisi tumembabaisha. Tuliahidi kulieleza jambo hili kwa maandishi, na tutalieleza kupitia mama mmoja wa miaka 58 kutoka Sikonge, ambaye ameturuhusu kusimulia habari zake bila jina.

Mama alikuja kwa sababu miwani aliyonunua mnadani haikumsaidia tena. Vipimo vilitoa +3.50 kila jicho. Namba ya kujumlisha kubwa namna hiyo inatuambia kwamba jicho lenyewe ni fupi, na ndani ya jicho fupi vitu hubanana. Presha ya macho ilikuwa 17 kulia na 18 kushoto, yaani ya kawaida. Mpimaji mwenye haraka angeridhika na namba hizo na kuchukua chupa ya dawa.

Ndani ya jicho kuna maji, na hayo siyo machozi. Hutengenezwa nyuma ya ile duara ya kahawia inayozunguka mboni (hapa tutaiita pazia), hupita katikati ya mboni kuja mbele, kisha huondoka kwenye kona, pale pazia linapokutana na kioo cha mbele cha jicho. Kwenye kona hiyo kuna chujio. Nyuma ya pazia imekaa lenzi, na lenzi hunenepa kadiri mtu anavyozeeka. Ikinenepa ndani ya jicho fupi, hugusana na pazia, na maji yanapata shida kupenya kwenye mboni. Yakijaa nyuma, pazia linavimba kuja mbele kama turubai la mnadani upepo unapoingia chini yake, na kingo zake zinafunika kona. Hali huwa mbaya zaidi mboni ikiwa imetanuka nusu, kama inavyotokea gizani, au baada ya dawa yetu ile.

Kona ikifunga yote kwa mara moja, presha hupanda ndani ya saa chache. Jicho linauma sana upande mmoja hadi kichwani, linakuwa jekundu, taa zinaonekana zina duara za upinde wa mvua, na mtu anatapika. Hilo la kutapika ndilo linalopoteza watu. Dada yake mama huyu aliumwa hivyo usiku mmoja, akatibiwa malaria siku tatu, na jicho halikurudi tena. Tulipolisikia hilo tuliacha kuzungumza habari za miwani.

Upimaji wenyewe una hatua. Kwanza tochi: tunamulika kutoka upande wa sikio, sambamba na uso. Pazia likiwa bapa, mwanga unalifikia lote hadi upande wa pua. Likiwa limevimba, upande wa pua unabaki na kivuli. Ni kipimo cha haraka na kinakosea mara nyingi, kwa hiyo hatukitegemei peke yake. Hatua ya pili ni kwenye ile mashine ya kuwekea kidevu. Tunaelekeza mwanga mwembamba kama wembe kwenye ukingo wa kioo cha jicho, kisha tunalinganisha unene wa kioo na nafasi nyeusi iliyo kati yake na pazia. Nafasi ikiwa robo ya unene wa kioo au chini ya hapo, tunaihesabu kona kuwa nyembamba mpaka tuhakikishiwe vinginevyo. Ya mama haikufika robo, macho yote mawili. Hapo ndipo chupa ya kutanua mboni ilirudi kabatini.

Mwanga ule, hata hivyo, unaonyesha ukingoni tu, hauingii ndani ya kona. Ili kuona chujio lenyewe, daktari wa macho huweka juu ya jicho lililotiwa ganzi lenzi yenye vioo pembeni, kama dereva anavyotazama nyuma kwa kioo cha pembeni. Chumba lazima kiwe na giza na mwanga wa mashine uwe mfupi. Mwanga ukiingia kwenye mboni, mboni inasinyaa, pazia linavutwa mbali na kona, na kona nyembamba inaonekana pana. Mteja akituambia alipimwa "kwa vioo" chumba kikiwa na taa kali, tunamwomba arudie.

Tulimwandikia mama barua ya rufaa kwenda hospitali yenye mashine ya leza. Majibu yalisema hivi: katika robo tatu za mzunguko chujio halionekani. Daktari alipokandamiza kidogo kwa lenzi, kona ilifunguka, kwa hiyo pazia lilikuwa limeegemea tu na halijagandana. Mshipa wa jicho ulikuwa mzima. Kwa lugha nyingine, mama hakuwa bado na ugonjwa wa presha ya macho, ule unaoharibu mshipa huo. Alikuwa na umbo la jicho linaloweza kuuleta.

Leza hutoboa tundu dogo kwenye pazia ili maji yaliyo nyuma yapate njia nyingine ya kuja mbele. Je, kila mwenye umbo hilo atobolewe? Hapana, na hatuoni aibu kusema hivyo ingawa sisi ndio tunaowapeleka watu huko. Huko Guangzhou, Uchina, watu 889 wenye kona nyembamba walitobolewa jicho moja na jingine likaachwa, wakafuatiliwa miaka 6. Matokeo yalitangazwa 2019. Macho yaliyotobolewa yaliyopata tatizo yalikuwa 19, yaliyoachwa yalikuwa 36, na mengi kati ya hayo yalipata migandano midogo ya kona, siyo lile shambulio la usiku. Leza ilipunguza hatari karibu nusu, lakini hatari yenyewe ilikuwa ndogo. Mwenye kona nyembamba, asiye na historia ya ukoo na anayeishi karibu na hospitali, anaweza kufuatiliwa tu kila mwaka. Mama alikuwa na dada aliyepofuka, anaishi mbali, na ana kisukari kinachotaka mboni itanuliwe kila mwaka. Daktari akashauri leza, naye akakubali.

Tuseme jambo moja hapa, maana tunaulizwa sana. Watu wengi wenye ugonjwa wa presha ya macho Tanzania wana kona iliyo wazi. Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliotangazwa mwaka 2000, ulikuta ugonjwa huo kwa asilimia 4.16 ya watu wa miaka 40 na zaidi, na wale wa kona iliyoziba walikuwa asilimia 0.59. Tundu la leza halimsaidii mwenye kona wazi. Asije mtu akadai leza kwa sababu jirani yake alifanyiwa.

Siku ya leza mama aliwekewa matone ya pilokapini ili mboni isinyae na pazia linyooke na kuwa jembamba. Matone hayo huleta maumivu ya paji la uso na giza kidogo, kama taa ya chumba imepunguzwa. Yakafuata matone ya kuzuia presha isipande, kisha ganzi. Akaweka kidevu kwenye mashine, daktari akaweka lenzi yenye ute jichoni na kutafuta kijishimo kwenye pazia, mahali palipo pembamba. Macho yetu ya kahawia nzito yana pazia nene, kwa hiyo daktari wengi huanza na leza ya joto ili kulipunguza unene na kuzuia damu, ndipo wanamalizia na leza ya kupasua. Mama anasema alisikia "ta, ta", akaona mwanga mkali, na mara moja akahisi kama kachomwa na mwiba. Daktari anajua tundu limefika pale anapoona maji yenye vumbi la kahawia yakibubujika kutoka nyuma. Tundu ni dogo, kama sehemu ya tano ya milimita. Huwezi kuliona kwenye kioo cha nyumbani.

Macho yote mawili yalifanywa siku moja kwa sababu ya nauli. Saa moja baadaye walipima presha: la kushoto 17, la kulia limepanda hadi 24. Wakampa vidonge vya asetazolamaidi, akasubiri kwenye benchi, ikashuka hadi 18. Ndiyo maana tunawaambia wateja wasipange kupanda basi dakika ile ile wanayotoka chumba cha leza. Presha ikipanda, hupanda ndani ya saa hizo.

Siku ile aliona ukungu, uliotokana na ute wa lenzi na mmuliko. Siku mbili tatu jicho lilikuwa jekundu na mwanga ulimkera. Alipewa matone ya predinisoloni mara nne kwa siku kwa wiki moja. (Asali yetu ya Tabora ni tamu kweli, lakini jichoni haiendi, hata ile ya nyuki wadogo.) Kuona kwake hakukubadilika, na hakukukusudiwa kubadilika. Alihitaji miwani ile ile ya +3.50.

Siku ya nne akatupigia simu. "Mwanangu, nikitazama taa jioni naona uzi mweupe umelala chini yake. Jicho la kulia. Wameniharibu?"

Tulimwomba atazame taa, ainue kope la juu kwa kidole. Uzi ukapotea. Akaachia kope, ukarudi. Tundu la jicho la kulia limekaa pale ukingo wa kope unapopita, na mstari wa machozi ulio ukingoni mwa kope unapinda mwanga unaoingia tunduni. Kope likilifunika tundu lote, au likiliacha wazi lote, uzi mara nyingi haupo. Madaktari bado wanabishana kama ni bora kutoboa juu au pembeni, na tafiti zao hazikubaliani. Kwa wengi ubongo huzoea baada ya wiki au miezi, wachache hubaki nao.

Tungemwambia aende hospitali siku hiyo hiyo kama angesema anaona mimweko hata akifumba macho gizani, vumbi jeusi jingi la ghafla, au giza likishuka kama pazia upande mmoja. Hiyo ni dalili ya utando wa nyuma ya jicho, siyo ya tundu. Vivyo hivyo jicho likiuma sana na kichefuchefu kikaanza: tundu linaweza kuziba kwa vumbi la pazia, hasa wiki za mwanzo, na likatakiwa kufunguliwa tena.

Baada ya wiki sita alirudi kwa daktari, akapimwa tena kwa vioo gizani, maana kuna watu ambao tundu liko wazi na kona bado imebanwa kwa sababu ya jinsi mzizi wa pazia ulivyokaa. Yake ilikuwa imefunguka katika robo zote. Akaja kwetu na karatasi hiyo mkononi. Presha ilikuwa 15 na 16. Tukaweka ile dawa ya kutanua mboni, tukasubiri nusu saa, tukaona nyuma ya jicho: kisukari hakijagusa, mtoto wa jicho ndiyo kwanza anaanza. Kabla hajatoka tulipima presha tena. Ilikuwa 16 na 16, na uzi wa kulia, alisema, anauona akisinzia tu.