Barua pepe ya kitapeli siku hizi haina kosa hata la nukta

Dada wa uhasibu katika duka la mteja wetu mmoja wa Kariakoo, wanaoagiza vigae kutoka nje, alinitumia picha ya skrini na swali fupi: "Kaka, hii ni ya kweli?" Niliisoma mara mbili. Kwa lugha peke yake, ningemwambia alipe.

Ilisema hivi: "Habari za mchana Dada. Kuhusu kontena lenu la futi 40 linalotarajiwa wiki ijayo, tunaomba salio la gharama za kutoa mzigo lilipwe kwenye akaunti mpya iliyo kwenye profoma hii, kwani akaunti ya awali iko kwenye ukaguzi wa mwaka. Tukilipokea kabla ya Ijumaa saa nane mchana, hati hazitachelewa na hamtaingia gharama za kuhifadhi mzigo bandarini. Tunawashukuru kwa ushirikiano wenu." Nembo ya wakala ilikuwepo, namba ya kontena ilikuwa yenyewe, na jina la anayewahudumia kila siku lilikuwa pale chini.

Miaka yote tumekuwa tukiwaambia wateja waangalie lugha. Barua inayoanza na "Mpendwa mteja wa thamani", ngeli zimegongana, koma zimetupwa kama njugu, hiyo futa. Ushauri ule ulikuwa mzuri kwa wakati wake, ila tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa Novemba 2022, na nyingine za aina yake zikafuata, umeisha nguvu. Tapeli asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji anaiandikisha mashine barua ya heshima, anaiambia iandike kama wakala wa forodha anavyomwandikia mteja wa siku nyingi, na ndani ya dakika moja anayo.

Kuna jambo jingine lililobadilika ambalo wengi hawalioni. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, aliuliza kwa nini matapeli wa barua pepe wanatunga hadithi za kitoto namna ile. Jibu lake lilikuwa la kibiashara: kutuma barua milioni ni rahisi, kazi ni kujibizana na wanaojibu. Hadithi ya ovyo inawachuja werevu mapema, wanabaki wale watakaokwenda hadi mwisho, na tapeli hapotezi muda na mwingine yeyote. Sasa mashine inaweza kujibizana na watu mia kwa wakati mmoja bila kuchoka, kwa hiyo hana tena sababu ya kukuchuja. Wewe uliyekuwa unacheka zile barua, sasa zinaandikwa kwa ajili yako.

Naulizwa kama kuna namna ya kujua kwa kusoma tu kwamba barua imeandikwa na mashine. Wakati mwingine unanusa kitu. "Natumaini barua pepe hii inakukuta ukiwa mzima" si sentensi ambayo mtu wa Gerezani angeianzishia barua. Lakini usiitegemee pua hiyo. Mawakala waaminifu nao siku hizi wanaandikiwa barua na mashine hizo hizo, na tapeli mwenye akili anaondoa sentensi ya namna hiyo kabla hajatuma. Hata ukijua nani ameiandika, bado hujajua kama akaunti ni ya wakala.

Kinachosaidia tayari unakijua, kwa sababu umeshapokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani". Meseji ile haikuwahi kuhitaji sarufi. Inamvizia mtu ambaye kweli ana hela ya kutuma siku hiyo, inabadilisha pa kuituma, na inamharakisha. Sasa irudie barua ya dada yetu. Hela iliyokuwa itumwe kweli, pa kuituma pamebadilika, na Ijumaa saa nane. Ni meseji ile ile, imevaa suti. Mashine inaweza kumpambia tapeli maneno yote, lakini haiwezi kumwondolea haja ya kukwambia hela iende kwake, au umpe neno lako la siri. Hapo ndipo lazima ajitokeze. Kwa hiyo ukifika kwenye ombi lenyewe, sahau jinsi lilivyoandikwa na uliangalie likiwa uchi: akaunti mpya, haraka, na sababu ya kutouliza kwa njia ya kawaida.

Alama ya pili ya zamani ambayo bado inafanya kazi ni anwani. Shida ni kwamba wengi wetu tunasomea barua kwenye simu, na simu inaonyesha jina la mtumaji tu. Jina hilo anajiandikia mwenyewe. Anaweza kuandika la bosi wako. Kwenye Gmail ya simu, gusa ule mstari mdogo chini ya jina, palipoandikwa "to me", anwani kamili itafunguka. Nilimwambia dada afanye hivyo, akanisomea bila wasiwasi: "uhasibu, at, mizigo." Nikamwambia anitumie, nikaikuza. (Majina ya mitandao hapa nimeyabadilisha, ila mchezo ulikuwa huu.)

```
halisi:  uhasibu@mizigo.example
tapeli:  uhasibu@rnizigo.example
```

Ile si m. Ni r na n zimesimama karibu karibu, na kwenye kioo cha simu jicho linaziunganisha. Ndiyo maana tunawaambia wateja wasiikague anwani kwa macho wakati hela ni nyingi. Nakili anwani, ibandike kwenye sehemu ya kutafuta ya sanduku lako la barua. Kama mmeandikiana miaka mitatu, zitatokea barua za miaka mitatu. Ikitokea moja tu, ya leo, umeshapata jibu.

Kwa viungo ndani ya barua, kanuni ni ile ile, ila jifunze kusoma kinyumenyume. Anza kwenye mkwaju wa kwanza baada ya `https://`, rudi kushoto. `tra.go.tz/malipo` iko chini ya `go.tz`, ambayo hupewa taasisi za serikali peke yake. `tra.go.tz.malipo.example/` haina uhusiano wowote na serikali. Mwenyewe ni `malipo.example`, hayo mengine ameyatanguliza mbele kama kilemba. Kwenye simu, bonyeza kiungo na ushikilie bila kuachia, anwani itaonekana kabla hujaingia.

Wateja wetu wanaopenda kuchimba huwa wanakwenda hatua moja zaidi. Wanafungua Gmail kwenye kompyuta, wanabofya vile vidoti vitatu, halafu "Show original". Mmoja wao akaniambia kwa furaha kwamba barua fulani lazima ni salama maana kila kitu kimeandikwa PASS. Kwa barua ya dada, tuliona hivi:

```
spf=pass
dkim=pass header.i=@rnizigo.example
dmarc=pass header.from=rnizigo.example
```

Zote zimepita, na barua ni ya tapeli. SPF, DKIM na DMARC hazijibu swali la uaminifu wa mtu. Zinajibu swali moja: je, barua hii imetoka kweli kwenye jina la mtandao linalodai? Ndiyo, imetoka kweli kwa `rnizigo.example`, ambalo tapeli amelinunua kihalali na kulipanga vizuri. Tulipolitafuta kwenye whois, daftari la wazi la majina ya mitandao, tarehe ya kuandikishwa ilikuwa ya siku nne nyuma. Ukiona FAIL hapo, simama. Ukiona PASS, bado hujamaliza kazi, soma ni jina gani lililopita.

Sasa, mambo yote hayo ya anwani yana mahali yanapokwama, nami sitaki mteja wetu aje kutulaumu. Tapeli akiingia ndani ya sanduku halisi la wakala, barua itatoka kwenye anwani halisi, itapita kila kipimo, na itakuja kama jibu ndani ya mazungumzo yenu ya jana. Hapo haibaki alama yoyote ya kuangalia kwenye barua. Kinachobaki ni simu, na simu nayo ina adabu yake. Unapiga wewe, usisubiri kupigiwa. Namba unaitoa kwenye ankara ya zamani au kwenye simu yako ulikoihifadhi siku nyingi, si ile iliyo chini ya barua unayoitilia shaka. Na usiulize "mmetuma barua?" bali uliza "nitajie namba ya akaunti mnayotumia", maana swali la kwanza mtu aliye mbioni anaweza kulijibu "ndiyo" bila kufikiri.

Sauti na sura za kutengenezwa nazo zipo. Mapema mwaka 2024, mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup kule Hong Kong alipokea ujumbe wa kuagiza malipo ya siri na akautilia shaka, ndivyo inavyotakiwa. Kisha akaalikwa kwenye kikao cha video, akawaona na kuwasikia wakubwa zake, shaka ikamtoka. Zililipwa dola za Hong Kong milioni 200 hivi, na zile sura zilikuwa za mashine. Kikao walikiandaa wao, yeye aliitwa tu. Angepiga mwenyewe namba anayoijua, habari ingekuwa nyingine.

Dada wa vigae alimpigia wakala kwa namba iliyokuwa kwenye ankara ya mwaka 2021. Akaunti haikuwa imebadilika. Hela haikutoka.

Lakini namba ya kontena waliijuaje? Hilo ndilo lililotupeleka dukani kesho yake. Tulifungua sanduku la barua la duka, tukaenda kwenye Settings, sehemu ya "Filters and Blocked Addresses", tukakuta kanuni ambayo hakuna aliyekumbuka kuiweka: barua zote kutoka kwa wakala halisi zisomwe na ziende moja kwa moja kwenye kumbukumbu, zisionekane kwenye kikasha. Kwa siku sita dada alikuwa hapati barua za wakala na akidhani wamenyamaza. Neno la siri la sanduku hilo lilikuwa ni jina la duka na mwaka. Tuliifuta kanuni, tukatoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia, tukabadilisha neno la siri na kuweka uthibitisho wa hatua mbili.

Ukaguzi wa namna hiyo tunaufanya kwa saa moja hivi kwa sanduku, pamoja na kupanga SPF, DKIM na DMARC ya jina lako ili mwingine asiandikie wateja wako kwa kutumia anwani yako yenyewe. Kama umeshalipa na ndiyo unagundua, usianze na sisi. Piga benki yako kwanza waombe kuizuia hela, ukitoka hapo nenda polisi, na usifute barua hata moja. Sisi tupigie ukiwa njiani.