Picha ya mchoro, 1:2:4, na mifuko 19 iliyozua ubishi

"Kaka, fundi wangu kaniambia mifuko 35. Nyie mnasema 54. Hii 19 ni ya nani?"

Ujumbe huo uliingia kwenye simu ya duka saa moja usiku, muda mfupi baada ya kumtumia mteja makadirio ya jamvi la nyumba yake. Hatukumshangaa. Duka la vifaa vya ujenzi likikutajia mifuko mingi kuliko aliyokutajia fundi, wazo la kwanza ni kwamba linatafuta mauzo. Tunaandika hapa jinsi tulivyoipata ile 54, na jinsi mwishoni sisi wenyewe tulivyolazimika kuibadilisha.

Mchoro wake ulikuwa kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, ukapigwa picha usiku chini ya taa. Wengi wanaotutumia picha za namna hiyo huomba radhi kwamba imepigwa upande. Hilo halitusumbui, kwa sababu hatupimi mistari ya picha. Mstari mrefu kwenye karatasi unaweza kuwa ukuta mfupi kiwanjani. Tunachosoma ni tarakimu. Kinachotusumbua ni tarakimu iliyoliwa na mkunjo, na hapa ilikuwepo: upana wa sebule ulionekana kama 4.8, au 4.5, au hata 4.3.

Dawa ya hilo iko kwenye mchoro wenyewe, mradi mchoraji ameandika vipimo vya vyumba na pia kipimo cha nje. Mteja huyu alifanya hivyo. Upande wa mbele wa nyumba ulikuwa na chumba cha mita 3.6, sebule isiyosomeka na jiko la mita 2.4. Kipimo cha nje kiliandikwa 11.1. Ukutani tofali la inchi 6 lina unene wa sentimita 15, na mstari huo unakata kuta nne, yaani sentimita 60. Ukitoa 3.6, 2.4 na 0.6 kutoka 11.1 inabaki 4.5. Sebule ni mita 4.5, ubishi umekwisha. Upande wa kina nao ulikubali: 3.6, korido ya 1.2, chumba cha 3.0 na kuta nne, jumla 8.4 kama alivyoandika. Vipimo vikigoma kukutana namna hii huwa hatuendelei; tunapiga simu. Mara nyingi kosa huwa ni kwamba chumba kimoja kimepimwa kwa futi na kingine kwa mita.

Maswali mawili tulimuuliza kabla ya kuhesabu. La kwanza: zege linapita juu ya ukuta wa msingi hadi ukingo wa nje, au linaishia ndani ya kuta? Akasema linapita juu. La pili: ile "4" aliyoandika pembeni ya jamvi ni nini? Ilikuwa inchi, ambayo ni sentimita 10 na kidogo. Tuliwahi kuisoma "4" ya mteja mwingine kama sentimita. Siku ya kumwaga saruji iliisha hata nusu ya nyumba haijafikiwa, na sisi ndio tuliobeba lawama, kwa haki.

Kwa hiyo eneo lote ni 11.1 mara 8.4, sawa na mita za mraba 93.24. Kona ya nyuma imeachwa wazi kwa uwanda, mita 2.55 kwa 3.15 ukihesabu na unene wa kuta zinazoondoka pamoja nayo. Hizo ni 8.03. Zinabaki mita za mraba 85.2. Kwa unene wa sentimita 10, zege linalotakiwa ni mita za ujazo 8.52.

Hapa ndipo fundi na sisi tulipoachana. Uwiano ni 1:2:4, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, jumla mafungu saba. Fundi alichukua 8.52 akagawanya kwa saba, akapata fungu moja la saruji ni mita za ujazo 1.217. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, na hapo ndipo inapotoka 35 yake. Kugawanya kwake ni sahihi kabisa. Kasoro ni kwamba amegawanya zege lililokwisha kuchanganywa, wakati uwiano unapima vitu vikavu kabla havijachanganywa.

Tulimwomba mteja apite dukani kesho yake. Tukachukua ndoo ya lita 20, tukaijaza kokoto hadi ukingo, tukamwambia amimine maji humo kwa kopo la lita moja. Alipofika kopo la tano akasema itamwagika sasa hivi. Ilipokea makopo tisa karibu. Ndoo "iliyojaa" ilikuwa na nafasi tupu inayokaribia nusu. Kwenye zege, nafasi hizo ndizo mchanga unakoingia, na saruji nayo inaingia kati ya chembe za mchanga. Ndoo saba za vitu vikavu hazitoi ndoo saba za zege. Zinatoa nne na nusu hivi. Ndiyo maana wakadiriaji huzidisha ujazo wa zege kwa 1.54 kwanza, kisha ndipo wanagawanya kwa mafungu.

Hesabu yetu kwa ukamilifu ilikuwa hivi:

```
8.52 × 1.54 = 13.12 m³ (vikavu)
13.12 ÷ 7   = 1.874 m³ kwa fungu moja
Saruji : 1.874 × 1440 ÷ 50 = 54 mifuko
Mchanga: 1.874 × 2 = 3.75 m³
Kokoto : 1.874 × 4 = 7.50 m³
```

Ile 1440 ni uzito kwa kilo wa saruji inayojaza mita moja ya ujazo. Kama hutaki kukumbuka yote haya, shika kwamba kila mita ya ujazo ya zege la 1:2:4 inakula mifuko 6.3. Kwa 1:3:6 inakula 4.4.

Mteja akaridhika, akataka kulipia 54 papo hapo. Tukamzuia, na hapa ndipo penye jambo ambalo picha ya mchoro haiwezi kulionyesha hata ikipigwa mchana kweupe. Mchoro unasema unene ni sentimita 10, lakini zege halifuati mchoro; linafuata shimo lililopo. Kwa eneo la mita za mraba 85, sentimita moja tu ya ziada ni mita za ujazo 0.85, yaani mifuko mitano na nusu ya saruji pamoja na mchanga na kokoto zake.

Tulimpa kazi ya nusu saa. Funga kamba kutoka ukingo hadi ukingo kwenye usawa ambao jamvi litaishia, ivute mpaka isilegee, kisha pima kwa tepu kutoka kwenye kamba kwenda chini, kila baada ya mita moja au mbili, nyumba nzima. Jioni akatuma picha nyingine, safari hii imejaa namba. Pembeni mwa kuta kulikuwa na sentimita 9, katikati ya sebule 14, ambako kifusi kilikuwa kimetitia baada ya mvua. Wastani wa vipimo vyote ulikuwa 11.2. Kwa wastani huo zege linapanda hadi mita za ujazo 9.54 na saruji inafika mifuko 61.

Angeweza kununua 61. Sisi tungeuza saba zaidi, asante sana. Lakini kujaza bonde kwa zege ni kujaza kwa kitu cha gharama pale ambapo moramu ingetosha, tena kifusi kilichotitia mara moja kitatitia tena chini ya jamvi na kulipasua. Aliongeza moramu sebuleni, akamwagia maji, akashindilia, akapunguza pale palipokuwa na 9 ili pasiwe pembamba mno. Vipimo vipya vilikuja na wastani wa 10.4. Zege mita za ujazo 8.86, saruji mifuko 56 na kitu. Tukamwandikia 58, ili mifuko miwili ibebe kinachomwagika na kinachobaki kwenye toroli.

Mchanga una ujanja wake. Mchanga wenye unyevu huvimba: chembe hutenganishwa na maji kidogo yaliyozishika, na ujazo ule ule unaweza kuongezeka kwa asilimia 20 au zaidi. Hesabu ilitaka mita 3.9, kwa mchanga wa mvua tukaongeza tano moja, ikawa karibu 4.7. Kokoto hazivimbi, hizo zilibaki 7.8. Na kwa kuwa "tripu" si kipimo, kila gari lina tripu yake, tulipima bodi la lori: mita 4 kwa 2, kimo sentimita 60, mita za ujazo 4.8. Tripu moja ya mchanga, moja ya kokoto, na ya pili ya kokoto iliyojazwa hadi sentimita 40 tu. Dereva alinuna kidogo kwa hiyo ya mwisho.

Siku ya kumwaga tulimsisitizia jambo moja, kwa sababu makadirio mazuri hufia kwenye toroli. Toroli iliyofutwa kwa ubao hubeba takriban lita 65, karibu mara mbili ya mfuko wa saruji, kwa hiyo mfuko mmoja, toroli moja ya mchanga na mbili za kokoto ni 1:2:4 inayokubalika. Vijana wakizijaza kwa mlima, kila moja inafika lita 85, na uwiano unakimbilia 1:2.4:4.9 bila mtu kutamka neno. Dalili yake ni hii: mchanga na kokoto zinaisha kama ilivyopangwa, jamvi limekamilika, lakini saruji imebaki mifuko minane au tisa. Wengi hufurahi wakidhani wameokoa. Mfuko mmoja au miwili ikibaki, sawa. Ikibaki minane, jamvi lako halikupata 1:2:4.

Huyu alirudisha mfuko mmoja ambao haujafunguliwa, na tukampokea kwa bei ile ile.

Ukitaka tukukadirie, tupe karatasi iliyonyooshwa, ipigwe picha mchana ukingo hadi ukingo, iwe na vipimo vya ndani na vya nje, na kando ya kila namba andika ni mita, futi au inchi. Andika na uwiano aliokutajia fundi. Vipimo vya kamba vikifuata siku ya pili, ndipo tutakupa idadi ya mwisho. Slabu ya ghorofa msitutumie kwa njia hii. Hiyo ina nondo na uzito wa watu watakaokuwa chini yake, unene na uwiano wake hupangwa na mhandisi, sisi tutauza tu atakachoandika.